Nguzo Sita za Sensa: Namna ya Kusoma Grafu ya Gazeti Iliyopigwa Picha kwa Simu

Kila matokeo ya sensa ya Tanzania yanapotangazwa, magazeti huchapa grafu inayofanana: nguzo sita zimepangwa kwa safu, ya kwanza fupi ya mwaka 1967 na ya mwisho ndefu ya mwaka 2022. Mtu anaipiga picha kwa simu, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, na watu wa Moshi na Arusha wanaanza kubishana. Huyu anasema ongezeko la watu lilipungua baada ya 2002, na kidole anacho pale pale kwenye nguzo. Yule anasema halikupungua hata kidogo. Mwingine anataka kujua kwa nini Mkoa wa Arusha uliwahi kupoteza watu. Wote wanatazama karatasi ileile, na wote wana kitu cha kuonyesha.

Tuichukue grafu hiyo tuisome taratibu. Takwimu zake ni za sensa za taifa, kwa hiyo yeyote anaweza kuzihakiki kwenye taarifa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu: milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, milioni 23.1 mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002, milioni 44.9 mwaka 2012, na milioni 61.7 mwaka 2022. Tuseme gazeti halikuandika namba hizi juu ya nguzo, kama inavyotokea mara nyingi. Kilichopo ni mhimili wa wima upande wa kushoto, wenye namba kuanzia 0 hadi 70 kwa hatua za kumi kumi, na neno "Milioni" limeandikwa pembeni. Chini kuna mhimili wa mlalo wenye miaka sita.

Kabla ya kugusa nguzo yoyote, soma lile neno dogo la pembeni. Ndilo kipimo, na ndilo linalokatwa mara nyingi picha inapopigwa kwa haraka. Grafu ya taifa huandikwa kwa milioni. Grafu ya mkoa mara nyingi huandikwa kwa maelfu, na wakati mwingine gazeti huweka alama ya (000) tu. Hapo nguzo ya Kilimanjaro itasomeka 1,862 na maana yake ni watu 1,862,000. Aliyeikata alama hiyo kwenye picha ametuma grafu isiyosomeka, na dawa ni kumwomba apige tena, ukurasa mzima, pamoja na kichwa cha juu na mstari wa chanzo ulio chini.

Kinachofuata ni kupima urefu. Hapa picha ya simu ina tabia yake ambayo karatasi yenyewe haina. Gazeti likiwa limelala mezani na wewe umesimama upande mmoja, simu inakuwa imeinama: sehemu ya karatasi iliyo karibu na kamera inatoka kubwa, iliyo mbali inatoka ndogo. Kwa macho huoni kosa lolote. Lakini ukiichapa picha kwenye A4 na kupima kwa rula nafasi kati ya mstari mmoja wa mlalo na mwingine, unaweza kukuta kutoka 0 hadi 10 ni milimita 8.6, kisha 8.4, kisha 8.2, 8.0, 7.8, 7.6, na kutoka 60 hadi 70 ni 7.4. Kwenye gazeti lenyewe nafasi hizo saba zinalingana. Jumla yake hapa ni milimita 56.

Sasa angalia kosa linavyoingia. Msomaji wa haraka anagawa 56 kwa 70, anapata milimita 0.8 kwa kila milioni, kisha anapima nguzo ya 2012 kutoka chini hadi juu na kupata milimita 37. Anagawa 37 kwa 0.8, inatoka milioni 46.3. Sensa ilihesabu milioni 44.9. Mwinamo wa simu umezaa watu hewa milioni 1.4, na hakuna aliyedanganya.

Njia salama ni kuisoma kila nguzo kati ya mistari miwili inayokizunguka kichwa chake, bila kutumia mhimili wote. Kichwa cha nguzo ya 2012 kiko kati ya mstari wa 40 na wa 50. Kutoka chini hadi mstari wa 40 ni milimita 33.2, kwa hiyo kichwa kimeuvuka kwa milimita 3.8. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili ni 7.8. Gawanya 3.8 kwa 7.8, unapata 0.49, yaani karibu nusu ya safari kutoka 40 kwenda 50. Jibu ni milioni 44.9. Kwa kuwa umelinganisha vitu vilivyo jirani, mwinamo umevipunguza vyote kwa kiasi kilekile na hauna pa kujificha.

Asiye na printa anaweza kuifungua picha kwenye kompyuta, kwa programu ya Paint, akasogeza kishale hadi kichwa cha nguzo na kusoma namba za pikseli zinazoonekana chini ya dirisha. Hesabu ni ileile. Picha iliyotumwa na kurudishwa mara nyingi kwenye WhatsApp hupungua ubora hadi mistari myembamba ya mlalo ikapotea kabisa, kwa hiyo aliyeipiga aitume kama faili la kawaida kupitia sehemu ya kutuma hati, si kama picha. Nguzo zilizochorwa na kivuli au ubavu ili zionekane kama maboksi zisomwe kwa uso wa mbele. Ubavu ni pambo tu.

Hata ukipima vizuri namna hiyo, usidai usichokuwa nacho. Kwenye picha yenye milimita 56 kwa milioni 70, nusu milimita ya rula ni zaidi ya watu laki sita. Ndiyo kusema mtu hawezi kusoma "milioni 44.93" kwenye picha ya gazeti, anayeandika hivyo ameitoa kwingine.

Hadi hapa tumeshughulika na mhimili wa wima, ambao watu wengi wanaukumbuka. Mabishano yenyewe yanatoka kwenye mhimili wa mlalo, ule ambao karibu kila mtu anaupita bila kuusoma. Nguzo sita zimepangwa kwa nafasi sawa: kati ya 1967 na 1978 sentimita moja na nusu, kati ya 1988 na 2002 sentimita moja na nusu, kati ya 2012 na 2022 sentimita moja na nusu. Lakini sensa zetu hazikufanyika kwa nafasi sawa. Toa mwaka mmoja kwa mwingine: miaka 11, miaka 10, miaka 14, miaka 10, miaka 10. Mchoraji ameiandika miaka kama majina ya nguzo, kama ambavyo angeandika Rombo, Hai, Siha na Mwanga. Muda wenyewe hakuuchora.

Jicho halijui hilo. Linaona ngazi, na linapima kila kipandio kwa urefu wake. Kipandio cha kutoka 1988 hadi 2002 ni watu milioni 11.3. Kinachofuata, cha kutoka 2002 hadi 2012, ni milioni 10.5. Kimefupika, na kwenye picha kufupika huko kunaonekana wazi. Yule wa kwanza kwenye kundi hakukosea kuona, maana kipandio kweli ni kifupi. Alichosahau ni kwamba kile cha kwanza kilipewa miaka 14 na cha pili miaka 10.

Ukigawanya kila kipandio kwa miaka yake, picha inageuka. Kati ya 1967 na 1978 nchi iliongeza watu karibu laki nne na elfu sabini kwa mwaka. Kati ya 1978 na 1988, laki tano na elfu sitini. Kati ya 1988 na 2002, laki nane na kidogo. Kati ya 2002 na 2012, milioni moja na elfu hamsini. Na kati ya 2012 na 2022, karibu milioni moja na laki saba kila mwaka. Hakuna mahali ongezeko la kila mwaka liliposhuka. Kipandio kilichoonekana kifupi kilikuwa na watu wengi zaidi kwa mwaka kuliko kile kirefu kilichokitangulia.

Je, mtu wa pili ndiye ameshinda? Bado. Kuna namna mbili za kuuliza "kasi ya ongezeko", na watu wanazichanganya kwenye sentensi moja. Ya kwanza ndiyo hiyo tuliyoifanya, watu wangapi kwa mwaka. Ya pili ni asilimia, yaani watu walioongezeka ukiwalinganisha na waliokuwepo. Nchi ya watu milioni 23 ikiongeza laki nane si sawa na nchi ya watu milioni 34 ikiongeza laki nane. Kwa hesabu ya asilimia unachukua nguzo ya mwisho, unaigawa kwa nguzo ya mwanzo, kisha unatafuta ni namba gani ikijizidisha yenyewe kila mwaka inafika hapo. Kwenye jedwali la kompyuta, kwa kipindi cha 2012 hadi 2022, inaandikwa hivi:

```
=(61.7/44.9)^(1/10)-1
```

Inatoka 0.032, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kipindi cha 1988 hadi 2002 unabadilisha namba na, muhimu kuliko zote, unabadilisha ile 10 iwe 14:

```
=(34.4/23.1)^(1/14)-1
```

Inatoka asilimia 2.9. Anayeisahau hiyo 14 na kuiacha 10 anapata asilimia 4 na ushee, kisha anatangaza kwamba miaka ya tisini ilikuwa na mlipuko wa watu ambao haukuwepo. Hili ndilo kosa ninalolipigia kelele kuliko mengine yote kwenye grafu za sensa, kwa sababu halionekani kwenye jibu. Asilimia 4 inaonekana kama namba ya kawaida tu.

Asiye na kompyuta anaweza kuhakiki kwa kikokotoo cha simu. Anza na 44.9, zidisha kwa 1.032 mara kumi, na utafika karibu na 61.5. Ikiwa ungezidisha kwa 1.027 ungeishia karibu na 58.6, na hapo unajua kasi uliyoibahatisha ni ndogo mno.

Kwa asilimia, basi, mambo yako hivi: 2.8 kati ya 1978 na 1988, 2.9 kati ya 1988 na 2002, 2.7 kati ya 2002 na 2012, halafu 3.2 kati ya 2012 na 2022. Hapo baada ya 2002 kuna mteremko kweli, mdogo, kutoka 2.9 kwenda 2.7. Mtu wa kwanza ana haki akizungumzia asilimia, na mtu wa pili ana haki akizungumzia watu. Grafu yenyewe, kwa jinsi ilivyochorwa, haiwezi kuwaamua, kwa sababu inaonyesha idadi ya watu waliokuwepo na si ongezeko. Ongezeko ni tofauti kati ya nguzo mbili, na tofauti hiyo lazima mtu aikokotoe.

Ipi itumike? Kwa afisa elimu wa Manispaa ya Moshi anayehesabu madawati, ni watu kwa mwaka. Dawati halikaliwi na asilimia. Kwa anayelinganisha mkoa na mkoa, au miaka ya sabini na leo, ni asilimia. Anayechagua moja bila kusema ameichagua ipi anamwacha msomaji gizani.

Ukitaka kuona mwelekeo wenyewe kwa macho bila hesabu, chora upya. Chukua karatasi ya miraba ya daftari la hesabu, weka mraba mmoja kwa kila miaka miwili kwenye mhimili wa mlalo, na mraba mmoja kwa kila milioni tano kwenye wa wima. Nguzo ya 1967 isimame mwanzoni, ya 1978 miraba mitano na nusu mbele yake, ya 1988 mitano zaidi, ya 2002 miraba saba kutoka hapo, kisha mitano, kisha mitano. Weka nukta kwenye vichwa na uziunganishe. Kona iliyokuwa inaonekana kama kupungua mwaka 2012 inapotea. Mstari unapanda, na kila kipande kina mwinuko mkali kuliko kilichotangulia.

Mstari huo una kishawishi chake: watu wanapenda kuuendeleza mbele. Ukichukua kipandio cha mwisho na kukirudia kilivyo, mwaka 2032 utakuwa na watu milioni 78.5. Ukichukua asilimia 3.2 na kuiendeleza, utapata karibu milioni 85. Nguzo zilezile sita zimetoa majibu mawili yaliyopishana kwa watu zaidi ya milioni sita, na hakuna kitu kwenye grafu kinachosema lipi ni sahihi. Makadirio ya kitaalamu hujengwa kwa kuangalia vizazi, vifo na uhamaji, ambavyo nguzo hazina.

Turudi nyumbani, kwenye lile swali la Arusha. Gazeti likichora nguzo za Mkoa wa Arusha kama zilivyotangazwa kila sensa, utaona milioni 1.35 mwaka 1988, milioni 1.29 mwaka 2002, milioni 1.69 mwaka 2012 na milioni 2.36 mwaka 2022. Nguzo ya 2002 imeshuka chini ya ile ya 1988. Hapa rula haijakosea, kamera haijainama, na mhimili umeanza kwenye sifuri. Nguzo imeshuka kweli, lakini watu hawakupungua. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha, na wilaya za Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro zikaenda huko. Jina chini ya nguzo lilibaki lilelile, na eneo linalotajwa na jina hilo likawa jingine.

Ukiirudisha Manyara ndani, nguzo zinapangika. Manyara ya 2002 ilikuwa na watu milioni 1.04, kwa hiyo Arusha ya zamani, kwa mipaka ya 1988, ingekuwa na milioni 2.33. Kutoka 1.35 hadi 2.33 ndani ya miaka 14 ni karibu asilimia 4 kwa mwaka, kasi kubwa kuliko ya taifa kwa kipindi hichohicho. Mkoa ulioonekana kupungua ulikuwa mmoja wa mikoa iliyokuwa inajaa haraka. Unaweza pia kufanya kinyume, yaani kuitoa Manyara kwenye nguzo ya 1988. Hapo Arusha ya 1988 kwa mipaka ya sasa inabaki na watu kama laki saba na elfu arobaini. Njia zote mbili ni halali ilimradi nguzo zote za grafu moja zitumie mipaka ileile.

Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuishika. Idadi ya watu wa mkoa mzima haishuki ghafla hivihivi pasipo vita, njaa kubwa au kuhamishwa kwa watu. Ukiona nguzo ya mkoa wa Tanzania imeporomoka kati ya sensa mbili, swali la kwanza ni mpaka. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa mwaka 2012, na Songwe ikakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Soma maelezo madogo chini ya grafu. Mchoraji makini ataandika "kwa mipaka ya sasa". Asipoandika, usilinganishe.

Grafu ya pili inayozunguka sana huku kwetu ni ile inayoziweka Arusha na Kilimanjaro bega kwa bega. Mwaka 2012 mikoa hii ilikuwa karibu sawa, Arusha 1,694,310 na Kilimanjaro 1,640,087. Mwaka 2022 Arusha ilikuwa na 2,356,255 na Kilimanjaro 1,861,934. Tofauti ni ya kweli na ni kubwa. Arusha iliongeza watu laki sita na sitini na mbili elfu hivi, Kilimanjaro laki mbili na ishirini na mbili elfu. Kwa asilimia, Arusha ilikua kwa 3 na theluthi hivi kwa mwaka, Kilimanjaro kwa 1.3.

Sasa mchoraji mwenye nafasi ndogo kwenye ukurasa anaanza mhimili wa wima kwenye milioni 1.5 badala ya sifuri. Nguzo ya Arusha ya 2022 inabaki na urefu wa 0.86 juu ya sakafu, ya Kilimanjaro 0.36. Kwa macho Arusha ni zaidi ya mara mbili ya Kilimanjaro. Kwa ukweli Arusha inaizidi Kilimanjaro kwa kama robo tu. Na Kilimanjaro yenyewe, iliyokuwa na 0.14 juu ya sakafu mwaka 2012, inaonekana imejizidisha mara mbili na nusu, wakati ongezeko lake la miaka kumi halikufika asilimia 14. Grafu moja imeikuza Arusha mbele ya jirani yake na hapohapo imeikuza Kilimanjaro mbele ya nafsi yake. Kwenye grafu ya mstari kukata sakafu kunaweza kuvumilika, kwa kuwa pale msomaji anafuata mwinuko. Kwenye nguzo hakuvumiliki, kwa sababu nguzo husomwa kwa urefu wake wote kutoka chini.

Kama kona ya chini kushoto imekatwa kwenye picha, bado unaweza kujua. Tafuta mistari miwili inayosomeka, tuseme 2.0 na 2.5, na upime nafasi yake. Iwe milimita 12. Kutoka 2.0 kushuka hadi 0 panatakiwa nafasi nne za namna hiyo, yaani milimita 48. Pima kutoka mstari wa 2.0 hadi mahali nguzo zinapokanyaga. Ukikuta milimita 12 tu, sakafu iko kwenye 1.5 na vimo vya nguzo havilinganishwi. Soma namba za vichwa, utupe vimo.

Baada ya kusahihisha yote hayo, linabaki swali ambalo watu wa Moshi hulizungumza kwa uchungu: kwa nini Kilimanjaro inakua polepole? Grafu haina jibu. Ardhi ya migombani imegawanywa hadi kihamba cha babu kinawatosha wajukuu wawili, vijana wanakwenda Arusha, Dar es Salaam na kwingine, na familia za mkoa huu kwa muda mrefu zimekuwa na watoto wachache kuliko wastani wa nchi. Hayo yanajulikana kwa njia nyingine. Nguzo ya 2022 ingesimama vilevile hata kama sababu ingekuwa tofauti, na anayeandika chini ya picha kwamba "grafu inathibitisha vijana wanakimbia" ameongeza la kwake.

Kuna pia jambo la siku yenyewe ya kuhesabu, ambalo kwa Kilimanjaro lina uzito wa pekee. Sensa zote sita zilifanyika mwezi Agosti, na mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mwenye nyumba Kibosho au Marangu anayefanya kazi Dar es Salaam alihesabiwa Dar es Salaam, hata kama migomba, makaburi ya wazee na shamba lake vyote viko kule juu. Sensa hiyohiyo ingefanyika wiki ya Krismasi, mabasi yakiwa yamejaa kuja Moshi, nguzo ya Kilimanjaro ingepanda na ya Dar es Salaam ingeshuka. Kwa hiyo mhimili wa mlalo ulioandikwa "2022" unapaswa kusomwa "usiku mmoja wa Agosti 2022". Kwa mgao wa dawa na walimu wa mwaka mzima, usiku wa Agosti ni kipimo kizuri. Kwa anayepanga maji na vitanda vya hospitali vya mwisho wa Desemba kule Rombo au Machame, nguzo hiyo ni fupi kuliko watu atakaowakuta.